Bajeti Ikivuka, Bodi Ianze Kuambiwa Inaombwa Nini

Makabrasha ya vikao vya bodi hufanana sana. Agenda namba 7 inasema "Taarifa ya maendeleo ya ujenzi". Chini yake kuna utangulizi, halafu historia ya mradi tangu kiwanja kilipopatikana, halafu jedwali lenye safu nane, halafu "changamoto". Mjumbe anafungua kurasa, anafungua tena, na kwenye ukurasa wa tisa ndipo anakutana na sentensi iliyomfanya mwandishi aandike yote hayo: "Kutokana na changamoto zilizotajwa hapo juu, bodi inaombwa kuridhia ongezeko la bajeti." Ongezeko la kiasi gani? Hilo arudi akalitafute kwenye jedwali.

Aliyeandika hivyo kwa kawaida hana hila. Kwetu habari mbaya haitupwi mlangoni. Mtu husalimia, huulizia watoto, hugusia mvua, ndipo aseme kilichomleta. Kuna na woga: akitaja fedha kwanza, anadhani wajumbe watamrukia kabla hajajieleza. Kwa hiyo anatanguliza sababu, akitumaini kwamba mpaka kiasi kitakapotajwa kitaonekana kidogo. Kikaoni hutokea kinyume chake. Mjumbe anayesoma sababu bila kujua zinaelekea wapi huzisoma kama utetezi, na anayesoma utetezi huanza kumtafuta mkosaji. Anakwama kwenye sababu ya kwanza anayoitilia shaka, anainua mkono, na nusu saa ya agenda inaishia hapo. Uamuzi unasogezwa hadi kikao kijacho, huku fundi akiendelea kudai.

Hebu tuone jinsi taarifa iliyogeuzwa kichwa juu inavyoandikwa. Mfano ninaoutumia ni wa kubuni, ila kila kilichomo ni cha kawaida katika ujenzi wa shule zetu. Shule ya sekondari ya wasichana, ya binafsi, iko mkoani Shinyanga na inajenga bweni la vitanda 96. Bodi iliidhinisha Sh milioni 400, ndani yake milioni 20 zikiwa fungu la dharura. Sasa ni mwisho wa Agosti, kuta zimefika kwenye lenta, na bweni linatakiwa kupokea wanafunzi Januari.

Kwanza mkuu wa shule na mhasibu wake wanapaswa kujua kama bajeti imevuka kweli, na kwa kiasi gani. Wengi hupotelea hapa, kwa sababu daftari la fedha halionyeshi kuvuka kwa bajeti mpaka jambo limeshaharibika. Kwa shule yetu daftari linasema zimelipwa milioni 262, bakaa ni milioni 138. Ukiishia hapo, mambo ni shwari. Lakini zipo hati za malipo za milioni 31 ambazo mkadiriaji majenzi ameshazithibitisha, kazi yake imefanyika, fedha tu hazijatoka. Kwa hiyo kilichotumika ni milioni 293, na kilichobaki kwa kweli ni milioni 107.

Swali la pili ndilo lenye uzito: kumaliza kutagharimu kiasi gani kuanzia leo? Jibu halipatikani kwa kutoa kilichotumika kwenye bajeti. Mkadiriaji anapita jengo zima na orodha yake ya vipimo na bei, anahesabu kenchi, bati, plasta, madirisha, mabomba, nyaya za umeme na rangi kwa bei za Agosti hii, wala si za mwaka jana. Tuseme anapata milioni 163. Zilizopo ni 107. Pengo ni milioni 56.

Mhasibu mwenye haraka angeomba milioni 56 hizo. Asifanye hivyo. Mbao na bati bado hazijanunuliwa, na fungu la dharura la mwanzo limekwisha lote. Bei zikipanda kidogo atalazimika kurudi kwenye bodi Novemba kuomba tena, na ombi la pili ndilo huvunja imani. La kwanza wajumbe huliona kama bahati mbaya. La pili huwaambia kwamba anayejenga hajui anachofanya. Afadhali aongeze milioni 6 za dharura mpya, azitaje waziwazi kuwa ni za dharura, na aombe 62 mara moja.

Historia ya jengo la Bunge la Uskoti mjini Edinburgh inaonyesha hatari ya kuficha sehemu hiyo. Mwaka 1997 jengo lilitajwa kuwa la pauni kati ya milioni 10 na 40. Lilipofunguliwa mwaka 2004 gharama ilikuwa imefikia karibu pauni milioni 414. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Fraser, uliotoa ripoti mwaka huohuo, ulionyesha kwamba mwaka 1999 mawaziri walipewa makadirio ya milioni 109, wakati wataalamu wa gharama walikuwa wameshaorodhesha takriban milioni 27 nyingine kwa ajili ya mambo yasiyotabirika. Watumishi waliopeleka taarifa juu hawakuzijumuisha. Hakuna aliyeiba kwa kufanya hivyo. Walitoa tu kiasi kilichopendeza zaidi kusomwa, na waliotakiwa kuamua wakaamua bila kuona shimo lilipo.

Kiasi kikishajulikana, ukurasa wa kwanza unaandikika. Kwa shule yetu ungesomeka hivi:

"Bodi inaombwa kuidhinisha Sh 62,000,000 za ziada ili bweni la wasichana likamilike na kufunguliwa Januari. Gharama ya mradi itapanda kutoka Sh 400,000,000 hadi Sh 462,000,000, yaani asilimia 15.5. Inapendekezwa Sh 40,000,000 zitoke kwenye mfuko wa basi na Sh 22,000,000 kwenye akiba ya shule. Ununuzi wa basi jipya utaahirishwa kwa mwaka mmoja. Uamuzi unahitajika katika kikao hiki kwa sababu mbao na bati zisipoagizwa kabla ya Septemba 15, paa halitakamilika kabla ya mvua za Novemba. Gharama imepanda kutokana na msingi kuchimbwa zaidi, vyoo na bafu kuingizwa ndani ya jengo, na bei ya nondo. La kwanza kati ya hayo lingeonekana mapema kama uongozi wa shule ungepima udongo kabla ya michoro; hatukupima."

Basi. Mjumbe aliyefungua kabrasha ndani ya gari akielekea kikaoni ameshajua anaombwa nini, kiasi gani, kitatoka wapi, kwa nini leo, na nani amekosea. Kurasa zinazofuata atazisoma akiwa na swali moja kichwani: je, nakubaliana na ombi hili? Sababu zilezile ambazo mwanzo zingesomeka kama utetezi sasa zinakuwa ushahidi wa kupima pendekezo.

Mtindo huu una wenyewe. Aliyeufanya ujulikane sana katika ofisi za biashara ni Barbara Minto, aliyejiunga na kampuni ya ushauri ya McKinsey miaka ya 1960 na baadaye kuandika kitabu kuhusu kupanga hoja kama piramidi: jibu juu, sababu chini yake, ushahidi chini ya sababu. Lakini hatuhitaji kwenda mbali kuutafuta. Barua rasmi ya Kiswahili ina mstari wa "Yah:" juu kabisa, na karani yeyote anajua kwamba barua isiyosema kwenye mstari huo inahusu nini itarudishwa masijala. Ni ajabu kwamba tunadai hivyo kwa barua ya kuomba likizo, halafu kwa ombi la mamilioni tunaridhika na "Taarifa ya maendeleo".

Sasa tuzitazame hizo sababu, maana kutanguliza ombi hakumsamehei mtu kueleza. Anayefungua kwa ombi kisha akakosa maelezo ya kutosha anaonekana jeuri.

Msingi ndio uliokula fedha nyingi zaidi, milioni 41. Sehemu kubwa ya Shinyanga ina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka kiangazi. Wenyeji wanaona nyufa zake kila mwaka, na nyumba zilizojengwa juu yake bila uangalifu hupasuka kuta pembeni mwa madirisha. Michoro ilikadiria kina cha mita 1.2. Fundi alipofika hapo bado alikuwa kwenye udongo mweusi, na mhandisi akaagiza wachimbe hadi mita 2.1, udongo ubebwe, moramu iletwe na kushindiliwa kwa matabaka, na zege la msingi liongezwe pamoja na nondo zake. Hilo lilikuwa sahihi kiufundi. Lisilokuwa sahihi ni kwamba mashimo ya kupima udongo, ambayo gharama yake ni sehemu ndogo mno ya milioni 41, hayakuchimbwa kabla ya michoro. Ila tuwe wakweli: kipimo kisingeufanya udongo uwe mzuri. Kingefanya bajeti ya mwanzo iwe ya kweli, na bodi ingeamua ikijua. Mkuu wa shule akisema upimaji ungeokoa milioni 41 zote, mhandisi yeyote aliyemo kwenye bodi atamkatalia.

Sababu ya pili, milioni 22, inataka ulimi wa adabu. Michoro ya awali iliweka vyoo na bafu nje. Aprili bodi yenyewe iliagiza viingizwe ndani kwa usalama wa wasichana usiku. Uamuzi mzuri, lakini hakuna aliyeuliza utagharimu nini, na muhtasari wa kikao hautaji fedha. Mkuu wa shule asiandike kwamba "bodi ilisababisha ongezeko". Aandike kwamba vyoo na bafu viliingizwa ndani kwa maelekezo ya kikao cha Aprili, gharama yake ni milioni 22, na kwamba maelekezo hayo hayakuambatana na makadirio. Mtu akiuliza kikaoni, "Hizi milioni 22 nani aliziagiza?", inatosha kujibu: "Mwenyekiti, ni maelekezo ya Aprili, muhtasari ukurasa wa 3. Sisi upande wa menejimenti tulipaswa kurudi na bei kabla ya fundi kuanza." Sentensi ya pili ndiyo inayompoza aliyeuliza.

Nondo, milioni 13, haina mengi: bei ilipanda kati ya zabuni na ununuzi, na ankara zimeambatishwa. Jumla ni milioni 76. Fungu la dharura lilimeza 20, zikabaki 56 tulizokwisha kuziona.

Baada ya sababu zinakuja njia nyingine, na hapa taarifa nyingi hudanganya kwa upole. Mwandishi huweka njia mbili za kijinga pembeni ya ile anayoitaka, kusudi yake ing'ae. Wajumbe wazee hulinusa hilo haraka. Njia zitajwe kwa nguvu zake zote. Kwa shule yetu ipo njia ya kusimama: kutumia milioni 107 zilizobaki kupaua na kupiga plasta, kisha kufunga jengo hadi mwaka ujao. Haiongezi hata shilingi mwaka huu, na kwa shule yenye akiba finyu ni hoja ya heshima. Gharama yake ni kwamba vitanda 96 havitakuwepo Januari.

Kishawishi hapa ni kuzidisha 96 kwa ada ya Sh milioni 1.8 na kuitangazia bodi hasara ya milioni 172.8. Hesabu hiyo si ya haki, kwa sababu mwanafunzi ambaye hakuja pia hali chakula cha shule. Tukitoa chakula, vifaa na gharama nyingine zinazomfuata kila mwanafunzi, tuseme kila mmoja anaiachia shule Sh 700,000 kwa mwaka. Kinachokosekana ni milioni 67.2. Bado ni zaidi ya 62 zinazoombwa, na hesabu hii hakuna mhasibu atakayeibomoa. Ile ya 172.8 ingebomolewa kwa swali moja, na mengine yote yaliyomo kwenye taarifa yangetiliwa shaka pamoja nayo.

Kurudisha vyoo nje kungeonekana kuokoa milioni 22, lakini milioni 9 zimeshazama kwenye mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu, hivyo kinachookolewa ni 13, na hoja ya usalama inabaki palepale. Mkopo wa benki wa milioni 62 unalinda akiba na basi. Kwa riba ya asilimia 16, mwaka wa kwanza peke yake unakula karibu milioni 10. Na pendekezo lenyewe lina bei yake, ambayo haipaswi kufichwa: basi kuukuu litaendelea mwaka mmoja zaidi kwa matengenezo ya milioni 7, na akiba ya shule itashuka kutoka milioni 58 hadi 36. Mjumbe anayejali akiba aone tarakimu hiyo kwenye taarifa, asiigundue mwenyewe.

Jambo moja hupita bila kusemwa katika vikao vingi. Milioni 293 zimeshakwenda, bodi ikikubali au ikikataa. Wapo watakaosema "tumeshatumia nyingi mno kuacha sasa", na wapo watakaosema "tumeshapoteza nyingi mno kuongeza". Hoja zote mbili zinahusu fedha ambazo hazirudi. Kinacholinganishwa ni milioni 163 pamoja na 6 za dharura kwa upande mmoja, na bweni linalofunguliwa Januari kwa upande mwingine. Taarifa nzuri husema hivyo kwa sentensi moja, kisha ikaendelea. Ugomvi wa nani alikosea una mahali pake, lakini uwekwe kwenye agenda yake baada ya uamuzi.

Kutanguliza ombi kuna mipaka yake pia. Kama fedha zimevuka kwa sababu kuna dalili za wizi, bodi haipaswi kuanza kwa kuombwa nyongeza. Ianze kwa kuambiwa kuna nini, nani amesimamishwa na lini mkaguzi anaingia. Kama mkadiriaji hajamaliza hesabu, usibuni kiasi ili ukurasa upendeze. Omba wiki mbili na idhini ya kulipa zile hati za milioni 31 tu, useme ni lini utaleta kiasi kamili. Na kama katiba ya shule inasema nyongeza ya kiwango hicho ni ya wamiliki, basi bodi inaombwa kupendekeza kwao, na neno "kuidhinisha" halifai kwenye sentensi ya kwanza.

Mwenyekiti naye asikutane na habari hii kwenye kabrasha. Siku chache kabla, mkuu wa shule ampigie simu, na mjumbe anayesimamia fedha pia: "Shikamoo Mwenyekiti. Agenda ya bweni nitaomba nyongeza ya milioni 62. Taarifa nakutumia jioni hii." Hapo kiasi kimetajwa mara tu baada ya salamu, na heshima haijapungua. Mwenyekiti aliyejua mapema huongoza mjadala. Aliyeshtukizwa mbele ya wajumbe hujilinda kwanza.

Bodi ikikubali, muhtasari uandike kiasi, chanzo cha fedha, na masharti. Sharti la maana zaidi kwa shule hii ni kwamba zile milioni 6 za dharura zisitumike bila saini ya mwenyekiti. Kuanzia hapo, kila mwezi iende nusu kurasa kwa wajumbe yenye mambo manne tu: kilichoidhinishwa, kilicholipwa, kinachodaiwa, na kinachohitajika kumaliza. Safu ya nne ndiyo iliyokosekana mwanzoni, na ingekuwepo, kuvuka kwa bajeti kungeonekana siku msingi ulipopita mita 1.2, wakati michoro ya vyoo ilikuwa bado mezani.

Kwa hiyo, wewe mwenye kikao wiki ijayo, fungua taarifa yako, nenda ukurasa wa mwisho, kata sentensi inayoanza na "bodi inaombwa" uipeleke juu ya ukurasa wa kwanza. Kama haina kiasi ndani yake, mpigie mkadiriaji leo.